Leso Iliyoanguka: Wivu wa Othelo Usomwapo Masasi

Mwaka 1693 mhakiki wa Kiingereza, Thomas Rymer, aliandika maneno ya kejeli juu ya tamthilia ya Othelo. Alishangaa kwamba roho za watu ziangamie, nyumba ivunjike na jemadari ajiue, yote hayo kwa ajili ya kitambaa cha kufutia pua. Tangu hapo wahakiki wengi wamemjibu, na wengi wamejibu kwa kuikuza leso yenyewe: kwamba ni alama ya unyumba, ya uaminifu, hata ya uchawi. Mimi naona Rymer aliuliza swali la maana, ila alilielekeza pasipo pake. Aliitazama leso ilipokwisha kuwa mikononi mwa Kasio. Ingefaa aitazame pale ilipoanguka.

Nikumbushe kisa kwa ufupi, na majina nayaandika kwa matamshi yetu, kama Mwalimu Nyerere alivyofanya katika Juliasi Kaizari na Samuel Mushi katika Makbeth. Othelo ni jemadari mweusi anayelitumikia dola la Venisi, mji ule ule ambao wasomaji wetu waliufahamu kwa Mabepari wa Venisi ya mwaka 1969. Ameoa kwa siri binti wa mkubwa mmoja wa mji, Desdemona. Iago, ofisa wake, ana kinyongo kwa kuwa cheo alichokitaka amepewa Kasio. Anamtia Othelo sumu sikioni kwamba Kasio na Desdemona wana jambo. Leso ambayo Othelo alimpa mkewe inaonekana kwa Kasio, na Othelo anamuua mkewe asiye na hatia. Tamthilia hii ilichezwa mbele ya mfalme, London, tarehe 1 Novemba 1604.

Shekspia hakukibuni kisa hiki. Alikitwaa katika kitabu cha hadithi cha Mtaliani Cinthio, kilichotoka mwaka 1565. Katika hadithi ya Cinthio leso inaibwa. Mwanamke amempakata mtoto mdogo wa yule ofisa mwovu, na ofisa anaichomoa leso kiunoni mwake bila yeye kujua. Ni wizi mtupu, na msomaji anaweza kusema: lau si mwizi yule, nyumba ingesalimika. Shekspia aliuondoa wizi huo. Kwake yeye leso inatoka mkononi mwa mke kwa sababu mume ameisukuma. Sijui badiliko dogo kuliko hili lililobeba maana kubwa kuliko hii katika kazi yake nzima.

Tuitazame basi saa yenyewe. Ni katika sehemu ya tatu, onyesho la tatu. Iago amekwisha kudondosha maneno yake, nusu nusu, kama mtu anayesitasita kusema. Anaondoka, na Othelo anabaki peke yake. Hapo, kwa mara ya kwanza, anazitaja sababu ambazo huenda mkewe amemchoka: kwamba yeye ni mweusi, kwamba hana ulimi laini wa watu wa majumba makubwa, na kwamba umri wake umeanza kuteremka. Katika hayo matatu hamna hata moja lihusulo mwenendo wa Desdemona, wala Kasio hatajwi. Mtu huyu, akiwa peke yake, anajua hasa kidonda kilipo, na anakitaja kwa jina.

Ndipo Desdemona anapoingia. Anamwita akale, wageni wanangoja. Anaona sauti ya mumewe imefifia, anamwuliza kama ni mgonjwa. Mlango umefunguliwa wote: mke yupo, wapo karibu na faragha, swali limeulizwa kwa upole, na maneno Othelo anayo kwa kuwa ametoka kuyasema sasa hivi hewani. Anajibu kwamba kichwa kinamuuma, hapa kwenye paji la uso. Desdemona anatoa leso amfunge. Othelo anasema leso ni ndogo mno, anaiondoa, nayo inaanguka. Wanatoka pamoja. Emilia, mke wa Iago, anaiokota, na mambo mengine yote yanafuata.

Neno hilo la paji la uso ni fumbo. Wazungu wa zama zile walikuwa na dhihaka kwamba mume aliyesalitiwa huota pembe kichwani. Othelo anaposema paji lake linauma anasema: naona pembe zinaniota. Amesema wivu wake, lakini kwa namna ambayo mwenye kuambiwa, kama hana hatia, hawezi kuelewa. Desdemona hana hatia, basi anasikia kichwa tu, na anatoa dawa ya kichwa.

Nilitambua uzito wa jambo hili nilipokuwa Mkomaindo, mjini Masasi, jina ambalo watu wengi wa Kusini wanalijua kwa sababu ya hospitali. Nilikuwa mgeni huko msimu wa korosho ulipokwisha, watu wana nafasi ya kukaa barazani, nami nilikuwa na rasimu ya tafsiri yangu ya maonyesho mawili ya Othelo. Niliwasomea wenyeji wangu na majirani zao, wake kwa waume, wapata kumi. Nilipofika kwenye paji la uso hakuna aliyecheka wala kuguna. Pembe hizo hazimo katika mila zao wala zetu. Wote walifahamu kwamba kichwa kinauma. Fundi cherehani mmoja akasema, “Ampe dawa, mbona yule bibi anahangaika na kitambaa?” Nikaona kwamba, bila kukusudia, tafsiri ilikuwa imewaketisha wasikilizaji mahali pale pale alipoketi Desdemona. Nilipowaeleza habari ya pembe, mama mmoja wa makamo aliinua mkono. “Mwalimu,” akasema, “kumbe alimwambia, lakini hakumwambia.”

Kwa nini hakumwambia? Hapa wahakiki wa Ulaya wamezungumza sana juu ya rangi, na wana haki. Lakini wasikilizaji wangu walinionyesha upande mwingine. Masasi na Newala ni nchi ya Wamakonde, Wamakua na Wayao, watu ambao kwa asili ukoo huufuata kwa mama. Kwa desturi yao ya zamani mume aliyeoa alikwenda kukaa kwao mke. Alilima huko, akajenga huko, na watoto waliozaliwa walikuwa wa ukoo wa mama, mwenye kauli juu yao akiwa mjomba. Desturi hiyo leo imelegea sana, hasa mjini, lakini kumbukumbu yake haijafutika. Mzee mmoja aliyetoka Newala, niliposoma mahali ambapo baba wa Desdemona anang’aka kwamba binti yake amerogwa, alitikisa kichwa akasema kwamba jemadari huyu “ameoa ukweni na hana shamba”. Hakuhitaji maelezo zaidi. Mume wa namna hiyo anajua kwamba pale nyumbani yeye ndiye mgeni. Wakwe wakisema neno, hana ndugu wa kuketi upande wake. Mke akimchoka, anayefunga virago ni yeye.

Othelo ndivyo alivyo Venisi. Baba yake Desdemona alikuwa akimwalika kwake, akipenda kusikiliza habari za vita na safari zake. Alimpenda kama mgeni. Alipojua amekuwa mkwe, alimwita mchawi mbele ya baraza. Na alipoondoka aliacha neno moja la onyo: binti aliyemdanganya baba anaweza kumdanganya mume. Othelo wakati ule alijibu kwa kiburi kwamba uhai wake ni dhamana ya uaminifu wa mkewe. Iago alikuwapo. Baadaye hakuhitaji kubuni chochote, alilirudia tu neno la mkwe. Shina la wivu lilikuwa limepandwa kabla ya Kasio kumsogelea mtu yeyote. Emilia naye atasema baadaye kwamba wenye wivu hawaoni wivu kwa sababu fulani, wanaona wivu kwa kuwa ni wenye wivu. Naliona neno lake ni zuri ila ni nusu ya kweli. Sababu ipo, lakini haipo kwa mke. Ipo katika shaka ya mume kama yeye ni mtu wa kupendwa pale alipo.

Na mtu mwenye shaka ya namna hiyo huona aibu kuitaja, kwa kuwa kuitaja ni kama kuithibitisha. Kusema “nahofu umenichoka kwa umri wangu” kunamfanya mzee. Kusema “kichwa kinaniuma” hakumfanyi kitu. Basi anachagua kichwa. Baadaye, aibu ikigeuka ghadhabu, atachagua mashitaka, kwa kuwa mwenye kushitaki husimama juu na mwenye hofu hukaa chini. Lugha yetu imeliona hilo. Kumwonea mtu wivu na kumwonea mtu, yaani kumdhulumu, ni kitenzi kimoja. Sidai kwamba wahenga walikusudia somo, lakini mfasiri hawezi kupita hapo bila kusimama.

Onyesho la pili nililowasomea ni la nne katika sehemu hiyo hiyo. Sasa Iago amemwambia Othelo kwamba amemwona Kasio akijifuta ndevu kwa ile leso. Othelo anamjia mkewe, naye anaanza na hila: ana mafua, amwazime leso. Desdemona anatoa nyingine. “Siyo hiyo, ile niliyokupa.” Hanayo hapo. Ndipo Othelo anaposimulia kwamba leso ile mama yake alipewa na mganga wa Kimisri, kwamba ina nguvu, na mke akiipoteza mume humchukia. Tazama hila hii ilivyo na ubaya wake. Mwishoni mwa tamthilia Othelo mwenyewe atasema leso hiyo baba yake alimpa mama yake, bila kumtaja Mmisri. Wahakiki wameigombania tofauti hiyo. Mimi nafahamu kwamba ile habari ya mganga, hata kama ni kweli, hapa imesimuliwa ili kutisha.

Na aliyetishwa hufanya nini? Anauliza, “Ni kweli hivyo?” kisha, akibanwa, anasema leso haijapotea. Ni uongo. Muda mfupi kabla alikuwa amemwambia Emilia kwamba afadhali angepoteza mfuko uliojaa sarafu za dhahabu. Angeulizwa kwa amani angesema hivyo hivyo kwa mumewe. Lakini swali lilikuja likiwa na hukumu ndani yake, naye akajikinga kwa jibu la kwanza lililomjia. Halafu, kwa kutafuta pa kutokea, anarudi kwenye maombi yake ya kila siku, kwamba Kasio arudishiwe cheo. Othelo anataja leso, yeye anataja Kasio, leso, Kasio, mpaka mume anatoka kwa hasira. Kwa macho ya Othelo ushahidi umekamilika: mke amedanganya, tena ametaja jina. Ushahidi huo ameutengeneza yeye kwa namna alivyouliza. Ndiyo hatari ya swali la mtego. Hata mwenye haki hujibu kama mwizi, na muulizaji huenda zake akiamini amejua.

Jambo jingine ambalo msomaji wa haraka halioni: Othelo hamwambii mkewe ni nani anayemtuhumu naye mpaka usiku wa kifo chenyewe. Katika sehemu ya nne anamwita malaya, na Desdemona anauliza wazi: kwa nani, na nani? Othelo analia, hajibu. Amemtaka Iago alete ushahidi wa macho, amemhoji Emilia, mke tu ndiye hakuambiwa shitaka. Hofu alifichwa, na shitaka alifichwa. Akapewa hasira peke yake.

Wasomaji wa Visiwani watakuwa wamekwisha kuona ninakoelekea, kwa maana leso kwetu si kitambaa cha pua tu. Neno lenyewe ni la Kireno, na inasimuliwa kwamba khanga ilianza kwa wanawake kushona leso za Kireno pamoja kuwa nguo moja. Mombasa hata leo khanga ni leso. Na khanga inasema. Mke aliyeingiwa na wivu hujifunga maneno akapita mbele ya anayehusika. Hakumtaja mtu, na kila mtu ametajwa. Taarabu nayo imeishi kwa ustadi huo, na sisi washairi tumelishwa fumbo tangu utotoni, tukafundishwa kwamba asemaye wazi hana adabu. Siikatai sanaa hiyo, ndiyo riziki yangu. Lakini fumbo lina kasoro moja likiingia chumbani: halina mlango wa kujibia. Anayelengwa akijibu ameshajikubalisha. Asipojibu ameonekana mkaidi. Na asiyejua habari, kama Desdemona, hutoa leso afunge kichwa. Kuepuka jina la mtu si sawa na kuepuka kumshitaki.

Nilipomaliza kusoma pale Mkomaindo niliwaomba wasikilizaji wampe Othelo maneno. Sharti lilikuwa moja, asimulize chochote. Wanaume walianza, na karibu wote wakaangukia mahali pamoja: “Mke wangu, nahisi unanificha jambo.” Wanawake wakakataa kwa kelele. Walikuwa na haki. Sentensi hiyo imevaa “na-” ya msemaji mwanzoni, lakini mzigo wake wote uko kwenye “una-”. Ni shitaka lililojifunika. Na “kwa nini”, tuliafikiana, haifai kabisa hapo, kwa sababu katika nyumba zetu “kwa nini” hutumika kukaripia kuliko kuuliza. Mtoto aliyevunja mtungi ndiye huulizwa kwa nini.

Yule mama wa makamo ndiye aliyepata. Nayaandika maneno yake kama nilivyoyanukuu usiku ule: “Mama, kichwa hakiumi. Nimeingiwa na hofu. Nimekuona ukizungumza na Kasio, na alipotuona yeye akaondoka haraka. Hilo ndilo niliona, sikuona zaidi. Lakini moyo wangu umenipeleka mbali, kwa kuwa mimi ni mtu wa kuja, na umri umekwenda, na baba yako hanitaki. Wageni wale chakula, sisi tukae kidogo.” Watu walinyamaza. Kisha fundi cherehani akasema, “Sasa hapo mke anaweza kusema kitu.”

Ni kweli, na inafaa kutazama sababu. Aliyesema ametenga alichoona kwa macho, ambacho ni kidogo, na alichokiongeza mwenyewe, ambacho ni kikubwa. Kile kidogo mke anaweza kukieleza mara moja: Kasio aliondoka kwa aibu ya kunyang’anywa cheo. Kile kikubwa hakihitaji maelezo, kinahitaji kusikilizwa. Na hakumtaka mke aache kuzungumza na Kasio. Angeongeza sharti hilo, maneno yote yaliyotangulia yangegeuka kuwa utangulizi wa amri. Alichotaka ni muda wa kukaa. Nilimwuliza yule mama, je, Desdemona ajibu nini? Akasema ajibu la umri na la baba kwanza, la Kasio baadaye. Akianza na Kasio, hata akisema kweli tupu, atakuwa amejitetea, na anayejitetea huonekana ana kesi.

Msikilizaji mmoja aliuliza: na kama mke kweli ana mtu? Swali ni la haki. Maneno hayo hayamfichui mwongo, wala hayakutungwa kwa kazi hiyo. Mke mwenye jambo anaweza kuyajibu kwa uongo mtamu. Lakini hata hapo mume amejua moja, kwamba amesema lililo lake kwa ukweli, na atakaloona baadaye ataliona kwa macho yasiyo na ukungu. Mtego wa leso haukumpa hata hilo.

Na upo mpaka ambao baada yake mashauri haya hayafai tena. Katika sehemu ya nne Othelo anampiga mkewe kofi mbele ya wageni kutoka Venisi. Wageni wanashangaa, wanasema jambo kama hilo lisingeaminika, kisha wanaingia kula. Kuanzia kofi lile si tena habari ya kuchagua maneno, na si wajibu wa Desdemona kutafuta sentensi tamu ya kumtuliza. Usiku ule anatandikiwa kitanda kwa mashuka ya harusi, anaimba wimbo wa huzuni, anamlaza moyo Emilia. Hapo mshairi anapendeza na mwanamke anakufa. Aliyepigwa hapa kwetu ana wa kumwendea: jamaa zake, na dawati la jinsia katika kituo cha polisi. Desdemona alikuwa amevushwa bahari hadi Saiprasi, na mtu wa kwanza aliyemwendea kwa machozi baada ya kuitwa malaya alikuwa Iago.

Hilo nalo lilisemwa Mkomaindo, na kwa wasiwasi, kwa kuwa watu wa huko, kama sisi, wamezoea kupeleka mambo ya nyumba kwa mtu wa kati: mjomba, somo, shangazi. Je, tamthilia hii inamlaani mtu wa kati? Sioni hivyo. Mjomba anayesuluhisha huwaketisha wawili mbele yake, kila mmoja amsikie mwenzake. Iago alihakikisha wawili hao hawaketi pamoja hata mara moja. Kila mmoja alimpata peke yake. Mzee wa Newala alisema alama ya msuluhishi mbaya ni hiyo, na mimi sina la kuongeza.

Limebaki shauri la mfasiri. Rafiki mmoja aliyeisoma rasimu alitaka paji la uso niliwekee tanbihi ya pembe, au nibadili kabisa, Othelo aseme jambo ambalo hadhira yetu italitambua kuwa ni wivu. Nimekataa yote mawili. Nimeacha kichwa kiume, bila maelezo, ili watakaoketi kutazama wamwone bibi yule akitoa leso, nao waone, kwa muda huo mfupi, kwamba ametenda la busara.